Gharama ya Kumhudumia Kila Mteja: Uchambuzi wa Julai hadi Septemba 2025, Depo ya Lubumbashi

Kwa: Mkurugenzi Mkuu
Kutoka: Idara ya Uhasibu
Tarehe: 14 Oktoba 2025

Katika miezi hii mitatu depo yetu iliuza unga, mafuta, sukari na sabuni kwa wateja 212, na mauzo yakafikia dola 1,140,000. Faida ghafi, yaani bei ya kuuzia ikiondolewa bei ya kununulia pamoja na usafiri wa kutoka Kasumbalesa hadi depo, ilikuwa dola 102,600, ambayo ni asilimia 9 ya mauzo. Kwa hesabu tulizozoea, kila mteja anayenunua kwa bei hiyo anaonekana kuleta faida. Uchambuzi huu unachukua gharama zote zinazoanza mteja anapotoa oda na kuisha pesa yake inapoingia kwenye kasha, na kumbebesha kila mteja sehemu iliyotumika kwa ajili yake.

Gharama hizo zilifikia dola 84,600: magari 41,300, kazi za depo 16,800, mikopo kwa wateja 10,600, wauzaji na uandikaji wa faktire 9,200, bidhaa zilizorudishwa au kuharibika 6,700. Gharama za magari ziligawanywa kwa idadi ya vituo na safari, wala si kwa thamani ya mzigo, kwa sababu shofa hutumia karibu muda uleule kushusha magunia matatu na kushusha kumi. Mkopo tuliuhesabu kwa asilimia 12 kwa mwaka, kulingana na siku halisi ambazo kila faktire ilikaa bila kulipwa.

| Kundi | Wateja | Faida ghafi (dola) | Gharama (dola) | Baki (dola) |
|---|---|---|---|---|
| Wauzaji wa jumla mjini | 34 | 48,000 | 23,400 | 24,600 |
| Maduka madogo ya komini | 143 | 31,200 | 33,900 | -2,700 |
| Kantini za migodi, njia ya Likasi na Fungurume | 9 | 15,400 | 21,700 | -6,300 |
| Wanaojichukulia mzigo depo | 26 | 8,000 | 5,600 | 2,400 |

Anayetazama jedwali hili kwa haraka anaweza kuamua kwamba tuachane na maduka madogo. Uamuzi huo ungekuwa kosa kubwa. Kati ya maduka 143, maduka 88 yalituachia dola 5,100, na hasara yote ya dola 7,800 ilitoka kwa maduka 55 yaliyobaki. Tulipowalinganisha, haikuwa komini wala ukubwa wa mauzo uliowatofautisha, bali namna wanavyopelekewa mzigo.

Gari letu dogo la mjini linagharimu dola 118 kwa siku: shofa na wasaidizi wawili 38, mafuta 34, matairi na matengenezo 22, uchakavu wa gari 24. Likipita vituo 12, kila kituo kinagharimu dola 9.80 hivi, na tukiongeza dola 2.70 za kuchukua oda na kuandika faktire, tunapata dola 12.50 kabla hata ya kazi ya depo na mkopo. Kwa faida ya asilimia 9, oda iliyo chini ya dola 140 hailipi hata safari yake. Oda ya dola 60, ambayo tunaipeleka kila siku bila kuuliza, inaleta dola 5.40.

Chukueni maduka mawili ya Katuba yaliyo kwenye barabara moja, kila moja limenunua bidhaa za dola 3,000 hivi na kuleta faida ghafi ya dola 270. La kwanza hupelekewa mara moja kwa juma, safari 13, gharama dola 162.50, nalo linatuachia dola 107.50. La pili hupelekewa mara tatu kwa juma, safari 39, gharama dola 487.50, na linatutia hasara ya dola 217.50. Kwenye daftari la mauzo wateja hawa wawili wanafanana kabisa, na muuzaji wetu hupata komisheni ileile kwa wote wawili.

Mama mwenye duka hili la pili haagizi mara tatu kwa kupenda. Mtaji wake unatosha magunia machache tu, na lazima ayauze ndipo apate pesa ya kununua mengine. Kumwekea kiwango cha chini cha oda bila kumsaidia ni kumfukuza. Lakini tukimpa mkopo wa siku 7 kwa oda ya juma zima ya dola 230, mkopo huo unatugharimu senti 54 tu, huku safari mbili tunazoziacha zikituokolea dola 25. Tunapendekeza mkopo huo utolewe kwanza kwa wale ambao wamelipa bila kuchelewa kwa miezi sita, kwa sharti la siku moja maalumu ya kupelekewa katika kila mtaa. Wasiotimiza sharti hilo waruhusiwe kuagiza pamoja na jirani, mzigo ushushwe mahali pamoja, au wajichukulie depo kwa punguzo la asilimia 1.5.

Kantini za migodi zinatupa heshima mjini, na ndiyo maana ni vigumu kwetu kukubali kwamba ndizo zinazotuumiza zaidi. Kamio ya tani 15 ilikwenda mara 31 ikibeba wastani wa tani 6, na kila safari, pamoja na peaje, mafuta na posho ya kulala njiani, iligharimu dola 410. Kila kantini imejichagulia siku yake, na kamio hungoja saa nyingi getini kabla ya kushusha. Juu ya hayo wanalipa baada ya siku 75, jambo lililotugharimu dola 4,300 hivi. Mzigo uleule ungeweza kupelekwa kwa safari 17 zenye tani 11 kila moja, tukaokoa dola 5,740. Na malipo yakishuka hadi siku 45, tunaokoa dola 1,700 nyingine, na kundi zima linatoka kwenye hasara. Mikataba minne inaisha Desemba. Atakayekataa siku ya pamoja apewe bei yenye gharama ya safari ndani yake.

Kwa wauzaji wa jumla hali ni nzuri, isipokuwa mmoja, wa tatu kwa ukubwa wa mauzo, aliyetutia hasara ya dola 1,900. Anashusha kwenye maghala matatu siku moja, anapewa punguzo la mwisho wa mwezi, analipa baada ya siku 68, tena kwa franga na kwa kiwango cha siku ya faktire. Punguzo lake lisitolewe tena kwa kiasi anachonunua peke yake. Litegemee pia siku ya malipo na ghala moja la kushushia.

Mvua zitaanza Novemba, na kwenye barabara za udongo za Ruashi na Annexe gari halitamaliza zaidi ya vituo 8 kwa siku. Gharama ya kituo na oda itapanda hadi dola 17.45, na oda isiyotia hasara itakuwa ya dola 194. Kwa hiyo tunaomba idhini ya siku maalumu za mitaa na ya mkopo wa siku 7 kabla ya tarehe 27 Oktoba, pamoja na ruhusa ya kubadilisha komisheni ya wauzaji ihesabiwe kwa baki ya kila mteja, kwa sababu muuzaji anayelipwa kwa mauzo matupu ataendelea kuitikia kila simu ya magunia mawili.