Barua kwa somo yangu wa Langoni, Lamu

Shela, Malindi
Mwezi 20 Mfungo Tano, 1447

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nachuja tui, nikausikia nusu. Mara ya pili niliketi. Mara ya tatu niliurudia pale tu uliposema, "Ndoo, somo, mwaka huu sitaki sababu, godoro lako nimeshalianika." Hapo nikatafuta karatasi. Najua nikikupigia simu nitasema neno langu lile lile, wewe utaridhika nalo, na Mfungo Sita ukirudi tutajikuta hapa hapa tulipo.

Jawabu nalitanguliza, lisije likapotea katikati ya maneno. Sitakuja Lamu Maulidini mwaka huu, wala mwakani sitakuja. Nakuomba usinialike tena, hadi siku nitakayokwambia mimi mwenyewe kwamba nimepata nafasi. Godoro mpe mgeni mwingine. Na mimi ni somo yako leo kama nilivyokuwa jana.

Sasa nikueleze, maana una haki ya kuelezwa.

Mwaka 2021 nilikwambia korona. Mwaka 2022 nikasema njia. 2023 ikawa nauli na wateja wangu wa mahamri, na mwaka jana nikakwambia mafua. Ukiyatazama moja moja, si ya uongo. Njia ilikuwa ya hofu kweli, mabasi yakisindikizwa na askari kutoka Garsen mpaka yafike Mokowe, na mafua nilikuwa nayo mpaka sauti ikakauka. Lakini hata mojawapo halikuwa sababu yenyewe. Kisha kila mara nikamalizia, "Inshallah mwakani." Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua siji, nikalichukua jina la Mwenyezi Mungu nikalifanya pazia la mlango. Wewe ukalipokea kama ahadi, ukanihesabu kwenye mchele, ukamwambia bintiyo asilale chumba cha juu. Nisamehe, somo. Nimetubia kwa Mola wangu, na sasa naomba radhi kwako.

Sababu yenyewe ni mama.

Miaka minne sasa mama anasahau. Alianza na funguo na sufuria, tukacheka naye. Baadaye akawa anauliza jambo moja mara kumi asubuhi moja. Daktari alimpima, akatwambia ni ugonjwa wa kusahau, ule unaomla mtu akili kidogo kidogo, na kwamba dawa zake haziurudishi nyuma. Akaniambia mengine yaliyonifaa zaidi kuliko vidonge: nisibishane naye, nisimhamishe hamishe, ale na alale saa zile zile, vitu vyake vikae pale alipovizoea. Hata kiti cha ukuti alichokuwa akisukia ukili siwezi kukisogeza. Nilikisogeza siku moja nifagie, akalia kama ameibiwa.

Mchana si mbaya. Msichana wa jirani anakuja, mimi nafanya biashara yangu. Kazi ni magharibi. Jua likianza kutua mama habaki ndani ya mwili wake. Anafunga kitambaa chake, anatafuta viatu, anauliza, "Chombo kishaondoka?" Anataka kwao Amu. Anadhani yuko ugenini na mamake anamngoja kwa chakula cha usiku. Ananitazama mimi, binti yake, ananiita "mwanangu" kwa adabu, kama unavyomwita mtoto wa watu.

Mwaka 2022, wiki mbili kabla ya Maulidi, niliingia kusali, nikatoka, mlango uko wazi. Tulimtafuta mtaa mzima. Wavuvi ndio waliomrudisha. Alikuwa amekaa mchangani na buibui lake na bahasha ya nguo, anangoja boti ya Lamu. Maji yalikuwa yanajaa. Baharia mmoja alimwona akaketi naye, akamwambia, "Bibi, leo bahari mbaya, twende nyumbani tungoje kusi litulie." Hakumbishia. Akamshika mkono akaja naye taratibu hadi kwangu. Mpaka leo nikimwona yule kijana namwombea dua. Siku ya tatu yake ndiyo uliyonipigia, nikakwambia njia.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwa ajili ya sitara, somo. Mama ni mtu aliyekuwa akiitwa kwenye nyumba za watu kusomesha wasichana, akijua kasida nyingi kwa moyo. Sikutaka watu waanze kumzungumza kwa sauti ile ya huruma. Nikimficha yeye, nikajikuta nakuficha na wewe, ambaye yeye alikuosha nywele na kukusuka kama alivyonisuka mimi. Kwa wengine hapo nyumbani waambie tu kwamba mama hana siha. Yatosha.

Kuna neno moja lililonisaidia, nataka ulijue kwa sababu litakupendeza. Jioni akiniuliza, "Tuko wapi hapa?" zamani nilimjibu, "Malindi, mama," akawa anapiga kelele. Siku moja nikajibu, "Shela." Akatulia palepale. Akasema, "Aa, Shela, basi si mbali." Yeye anaiona Shela yenu, ile ya mchanga mweupe, mtu anaitembea kwa miguu mpaka mjini Amu. Mimi nasema Shela yetu hii. Sijamdanganya na yeye anapata usingizi. Nashukuru sana kwamba miji hii miwili ilipewa mtaa wa jina moja.

Najua wewe, utasema njoo naye. Nilijaribu, si Lamu, karibu. Mwaka juzi nilimpeleka Maulidi ya Mambrui, mwendo mfupi tu ukishavuka daraja la Sabaki, nikafikiri labda kasida zitamfungua. Zikamfungua kweli, mwanzoni. Alikaa kwenye mkeka, matwari yakalia, akawa anaitikia bila kukosea herufi. Mimi nikalia kwa furaha. Lakini watu waliposimama kwenye kiamu, kina mama wakasongamana, sauti zikapanda, akanishika kifua akasema, "Nirudishe, siwajui hawa." Hakulala mpaka alfajiri. Siku nne hakula vizuri. Na hapo ni Mambrui. Nikiwaza basi kutwa nzima, Garsen, Witu, Mokowe, kisha kuteremka kwenye boti na umati wa Maulidi ya Lamu, wageni kutoka Komoro na Tanzania na kila pembe, moyo unaniganda. Na hata akifika, Amu anayoitafuta si hiyo iliyopo. Anatafuta ya utotoni mwake.

Kumwachia kaka yangu wa Mombasa, tumejaribu pia. Ni mwana mwema, alikuja Ramadhani. Lakini mama hakubali mwanamume amwoshe, hata awe mwanawe aliyemzaa, na hapo ana haki. Kwa hiyo usiku wote ni wangu. Sikuandikii kwa kulalamika. Amenibeba, namimi nambeba, na kuna nyakati za asubuhi ananishika uso akaniita kwa jina langu, na siku hiyo nafanya kazi kama nimepewa Malindi nzima.

Kwa hiyo ukinialika, somo, sikasiriki. Nafurahi mno kisha nateseka. Kila Mfungo Sita nalala nikisikia Riyadha kichwani, nauona msururu wa ziara ya Habib Swaleh ukiteremka, nawakumbuka wavulana na fimbo zao pale uwanjani, na sisi wawili juu ya dari tunawatazama na viazi vya karai vinatuunguza vidole. Kisha naamka natunga sababu. Sitaki kutunga tena. Usinifungie mlango, lakini usiufungue kila mwaka ukakaa kizingitini ukiningoja. Ukinyamaza kuhusu Maulidi nitajua unanipenda.

Badala yake nami nakualika wewe, na mwaliko huu hauna pazia. Najua unashuka Mombasa kununua vitambaa kila baada ya miezi michache, na basi linakupitisha hapa hapa Malindi wewe umelala dirishani. Shuka. Lala usiku mmoja, ukipenda mbili. Fika asubuhi, usifike jioni, ndipo utakapomkuta mwenyewe. Usije na watu. Vaa leso, mama anawaogopa watu wa buibui jeusi wakiingia ghafla. Nitakupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nawe utaniketia na mama saa moja tu nikatembee ufukweni peke yangu. Hilo ni jambo nililolikosa zaidi ya Maulidi yenyewe, na hakuna mwingine ninayeweza kumwomba. Ukiona huwezi, niambie huwezi, bila ya sababu. Mimi nimeshachoka na sababu za watu wazima.

Kifurushi hiki nimempa makanga wa basi la Jumamosi, mtume kijana wako akipokee Mokowe. Kuna achari ya maembe ya chupa mbili, ile moja yenye kitambaa chekundu ina pilipili nyingi, usiwape watoto. Kuna leso pea moja yako. Na kwenye bahasha ndogo kuna shilingi 3,000, ni sehemu yangu ya mchele wa wageni. Usinirudishie. Mkono wangu uwemo kwenye sinia kama mwili haumo.

La mwisho, kabla hujaja. Mama atakuuliza habari za bi mkubwa wenu, Mungu amrehemu. Anamuuliza kila wiki. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli kwamba amefariki, akaomboleza siku nzima kama amepata habari hiyo leo. Kesho yake akaniuliza tena. Nilijifunza. Kumwambia kwamba yu mzima siwezi, ni uongo, na wewe itakukata zaidi kuliko mimi. Humwambia, "Alikuwa akikutaja sana, mama." Naye hutabasamu, akasema, "Hata mimi namtaja." Akikuuliza, mjibu hivyo hivyo.

Wasalaam,
Somo yako wa Shela hii