Maswali ya shangazi kuhusu simu mpya, majibu haya hapa

Shangazi shikamoo. Voisi zako zote nimezisikiliza nikiwa dukani hapa Ngamiani, nikaona bora nikuandikie maana voisi baadae utaitafuta usiione. Muonyeshe na mama mdogo wa Pongwe, najua na yeye atauliza haya haya.

Swali: Simu hata mwezi haina inasema nafasi imejaa, nimeingia ndani nakuta kitu kimeandikwa Cache. Hiyo keshi nini?

Jibu: Ni vitu ambavyo apu inajiwekea ndani ya simu ili isivishushe upya kila ukiifungua. Ukiangalia zile picha za madera unazopenda, simu inabaki na nakala, ukirudi kesho zinafunguka chap na bando haliliwi tena. Si kirusi. Ikijaa ingia Settings, halafu Apps, chagua apu yenyewe, Storage, bonyeza Clear cache, basi. Ila hapo jirani yake pameandikwa Clear data, simu nyingine Clear storage, hapo shangazi usiguse kabisa, kile kinairudisha apu kama ndio kwanza imewekwa leo, ukikibonyeza kwenye WhatsApp na huna bekapu meseji zote za kikoba zimekwenda. Na wale wanaokwambia ufute keshi kila asubuhi wanakuchosha bure tu, unafuta halafu apu inashusha vile vile upya, bando lako ndio linaumia.

Swali: Klaudi ndio wapi? Picha zangu ziko angani?

Jibu: Angani hakuna kitu. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko nchi za watu huko kwenye majumba maalumu, picha yako inapita kwenye intaneti inaenda kutunzwa kule. Faida yake simu ikiibiwa au ikitumbukia baharini pale Raskazone, unanunua nyingine unaingia na akaunti yako ile ile, picha unazikuta. Google wanakupa GB 15 bure, lakini hizo ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, na siku hizi bekapu ya WhatsApp kwenye Android nayo inahesabiwa humo humo, kwa hiyo zile video za asubuhi njema zinakula nafasi kimya kimya. Paswedi iandike kwenye daftari uiweke kabatini, ukiisahau hata mimi kukusaidia itakuwa kazi.

Swali: Na sinki? Inaniuliza niwashe Sync.

Jibu: Washa, ila hili soma taratibu maana ndilo linaloliza watu wengi wanaokuja hapa dukani. Kusinki maana yake simu na klaudi vinafanana muda wote, unachofanya huku kinafanyika na kule. Ukiongeza namba ya fundi cherehani kwenye simu, na kule inaingia, mradi umeisevu kwenye akaunti ya Google, sio kwenye laini. Sasa watu wanadhani klaudi ni kabati la akiba, mtu picha zake zimeshapanda anasema ngoja nifute za kwenye simu nipate nafasi, anafuta ndani ya Google Photos, na kule zinafutika! Ukitaka nafasi humo ndani tumia Free up space, ile inatoa za kwenye simu ambazo kule zimeshafika na kule zinabaki. Ukishafuta kwa bahati mbaya usilie kwanza, angalia Trash, picha zilizokuwa zimepanda zinakaa siku 60 kabla hazijapotea moja kwa moja.

Swali: Femwea?

Jibu: Programu ya ndani kabisa inayoendesha vyuma vya simu, kamera, chaji, mtandao. Wewe huigusi, inakuja na apdeti ya simu. Ikikuambia System update ikubali, ila chaji iwe imevuka nusu, tumia waifai ya binamu, na usiizime katikati hata kama inachelewa. Apdeti inatoka Settings tu, ukitumiwa linki kwenye meseji eti bonyeza uapdeti simu, huyo mwizi.

Swali: Bando ninalo GB nyingi tu, mbona usiku video inazunguka? Kijana wa waifai akasema bendiwidi ndogo.

Jibu: Yuko sahihi. GB za bando ni kiasi ulichonunua, bendiwidi ni kiasi kinachoweza kupita kwa sekunde. Mechi ya Coastal ikiisha Mkwakwani, geti ni lile lile watu wote wanataka kutoka mara moja, tiketi unayo lakini unasubiri. Usiku wote mko mtandaoni, mnagawana. Halafu kwenye matangazo wanaandika Mbps, gawa kwa 8 upate MB kwa sekunde, kwa hiyo Mbps 8 ni MB 1 tu kila sekunde, usitishike na namba. Na kuna siku tatizo liko mbali kabisa, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasumbua nchi nzima, siku kama hiyo hata ununue bando jingine unatupa hela.

Jumamosi nakuja, usifute chochote mpaka nifike.