YAH: UAMUZI WA MALALAMIKO YAKO KUHUSU SAA ZA ZIADA NA ZAMU

Dar es Salaam, 2 Juni 2025

Ndugu Rehema,

Nimepitia barua yako ya 12 Mei, daftari la mahudhurio, na maelezo ya msimamizi wako wa ghala.

Kuhusu saa za ziada, lalamiko lako nimelikubali. Daftari linaonyesha ulibaki saa 18 wakati wa kuhesabu mali mwezi Aprili, na saini ya msimamizi ipo kila siku. Ulilipwa shilingi 72,000, yaani 4,000 kwa saa kama siku za kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kusema "tulikubaliana kwa mdomo" hakuondoi haki hiyo. Utalipwa shilingi 36,000 zilizopungua pamoja na mshahara wa Juni. Pole kwa usumbufu.

Kuhusu kuhamishiwa zamu ya jioni kwa sababu ulidai haki yako, sikuliona hilo. Ratiba mpya ilibandikwa 5 Mei, kabla hujalalamika, na iliwahusu makarani wote wanne.

Usiporidhika, kata rufaa kwa maandishi kwa Meneja Mkuu, ambaye hakushiriki uchunguzi huu, ndani ya siku 10 za kazi tangu upokee barua hii. Unaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Rufaa hii haikuzuii kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila zingatia ukomo wao wa siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.

Wako katika kazi,
Meneja Rasilimali Watu