Taarifa kwa wapangaji: akaunti mpya ya kupokelea kodi na namna ya kuihakiki

6 Oktoba 2025

Ndugu wapangaji wa vyumba namba 1 hadi 12,

Habari za huko. Kuanzia kodi ya Novemba 2025, pesa haitaingia tena kwenye laini ya mdogo wangu. Itaingia kwenye akaunti mpya ya pesa kwa simu iliyosajiliwa kwa jina langu mwenyewe. Kiasi cha kodi hakijabadilika, na siku za kulipa ni zilezile, tarehe 1 hadi 5.

Ujumbe wa namna hii ndio matapeli hupenda kuutuma, hasa mwenye nyumba akiwa nje ya nchi. Kwa hiyo msiuamini kwa sababu tu umetoka kwenye namba yangu. Akaunti ya ujumbe huibwa, na laini huweza kusajiliwa upya na mtu mwingine bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana namba mpya sikuiandika hapa yote. Nawapa tarakimu tatu za mwisho tu: 416.

Namba kamili imo kwenye nyongeza ya mkataba niliyoisaini. Msimamizi atawaletea Jumamosi tarehe 11 Oktoba, nakala mbili kwa kila chumba. Linganisheni saini na ile ya kwenye mkataba wenu, kisha hakikisheni namba inaishia 416.

Karatasi peke yake haitoshi, maana saini hughushiwa. Nipigieni kwa namba ya huku niliko, ile iliyoandikwa ukurasa wa kwanza wa mkataba. Msitumie namba yoyote mliyoletewa kwenye ujumbe, hata huu. Nikipokea, msinisomee namba mpya mkaniuliza kama ndiyo. Tapeli atajibu "ndiyo" kwa namba yoyote. Niacheni niitaje mimi, ninyi mfuatilie kwenye karatasi. Asiyeweza kupiga simu ya nje, Jumapili tarehe 12 saa nne asubuhi nitapiga simu ya video kupitia simu ya msimamizi, mkae uani pamoja. Nitaitaja namba mbele ya wote, na anayetaka kuniuliza jambo tunalolijua mimi na yeye tu, aniulize.

Baada ya hapo, kabla ya tarehe 20, kila chumba kitume kiasi kidogo kabisa cha majaribio. Ukishaingiza namba na kiasi, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha muamala. Hapo ndipo pa kutulia. Lazima liwe jina langu kama lilivyo kwenye mkataba. Likiwa limepangwa kwa mfuatano tofauti au kwa herufi kubwa, si tatizo. Likitokea jina jingine, au jina lisitokee kabisa, ghairi hapohapo, kwani pesa ikishatolewa na mpokeaji ni vigumu mno kuirudisha. Anayetuma kutoka mtandao mwingine achague kwanza sehemu ya kutuma mitandao mingine.

Nitakujibu kwa kukutajia kiasi ulichotuma na kumbukumbu namba ya muamala. Vyote viwili vikilingana na ujumbe wa uthibitisho ulioupata, umemaliza. Kiasi hicho pamoja na makato yake, punguza kwenye kodi ya Novemba.

Wanaolipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, angalieni kikomo cha muamala mmoja kwenye mtandao wenu. Mkikizidi, muamala utakataliwa. Gawanyeni mara mbili na mtunze kumbukumbu namba zote mbili.

Laini ya zamani itafungwa tarehe 15 Novemba. Futeni namba hiyo kwenye orodha ya mliowahifadhi, kwa sababu kampuni za simu hugawa upya laini zilizofungwa, na kodi yako inaweza kumfikia mgeni. Atakayekosea kabla ya tarehe hiyo aniambie siku hiyohiyo, mdogo wangu ataihamishia kwangu.

Sitaomba namba ya siri ya mtu wala tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu yake. Sitabadilisha akaunti tena bila karatasi na simu kama hivi. Ukiambiwa "laini ina hitilafu, tuma kwenye hii leo tu", usitume, nipigie. Fedha taslimu msimamizi hapokei. Kazi yake ni kuwaandikia risiti baada ya mimi kuthibitisha.

Ambaye hatakuwa amemaliza uhakiki kufikia tarehe 5 Novemba asilipe kwa hofu ya kuchelewa. Kwa mwezi huo nimesogeza mwisho wa kulipa hadi tarehe 14, bila faini.

Wenu,
Mama Salma, mwenye nyumba