Foleni ya kazi, Ijumaa: gereji ya Shabab, Nakuru

Imebandikwa mlangoni mwa kontena saa moja na robo asubuhi. Someni kabla hamjashika spana.

Leo kuna magari 7 uani na shimo ni lile lile moja. Jana tulipoteza nusu siku kwa sababu Probox ilifunguliwa gurudumu la mbele ikiwa juu ya shimo, halafu beringi iliyoletwa ikawa ndogo. Gari lisilo na habu halisukumiki. Tukakaa tunalitazama kama kaburi la jirani. Kuanzia leo, gari haliingii shimoni mpaka spea iwe mkononi na iwe imelinganishwa na ile kuukuu. Kwenye boksi huandikwa chochote. Amini chuma.

1. Haisi ya Njoro, breki za nyuma. Shimoni sasa hivi. Kamau na Brayo. Inachukuliwa saa saba mchana.
Pedali inazama mpaka chini. Silinda ya gurudumu la kushoto inavuja, na mafuta yamelowesha viatu vya breki. Usijaribu kuvipiga msasa, Kamau. Kiatu kilichonyonya mafuta hakirudi. Vipya viko rafu ya pili pamoja na silinda mbili. Badilisha pande zote mbili hata kama ya kulia bado kavu, maana zimezeeka pamoja. Kutoa hewa anza nyuma kushoto, ndiko mbali zaidi na masta silinda. Brayo akanyage taratibu, asipige pedali kama ngoma, na chupa ya mafuta ya breki isishuke chini ya alama.
Dereva na kondakta wanalala njaa gari likilala, na gari lenyewe linabeba watu. Kwa sababu hizo mbili liko juu. Lakini likifika saa saba pedali bado laini, halitoki. Atakayegombana na dereva ni mimi.

2. Fielder ya daktari, sevisi. Wafula. Saa kumi na moja jioni.
Oili, filta ya oili, filta ya hewa, tazama pedi za mbele. Haihitaji shimo, tumia jeki na stendi. Anasafiri Eldoret usiku na hatapiga simu mara mbili. Ni mteja wa aina ile anayenyamaza kisha anahama. Imalize kabla ya chakula, uioshe kioo.

3. Vitz ya Mama wa mitumba, chaji. Kiprono.
Taa ya betri inawaka. Pima kwanza kabla ya kushusha altaneta: injini ikiwaka, betrini isome kama volti 14. Ikisoma 12 na kushuka, tazama belti na nyaya kabla ya kulaumu altaneta. Wiki iliyopita tulimshushia mtu altaneta nzima, kumbe ni terminali imeota kutu. Nimemwambia atapata jibu saa nne, si gari. Tofauti hiyo muizoee mnapoongea na wateja: jibu lina saa yake na gari lina saa yake.

4. Probox ya Mwalimu, hedi gasketi. INASUBIRI SPEA.
Hii ndiyo inayoniuma. Tulimwahidi Alhamisi. Hedi iko kwa fundi wa mashine inasawazishwa, na gasketi inatoka Kirinyaga Road, Nairobi, inakuja na shatoli ya asubuhi. Habu ilirudishwa jana usiku, kwa hiyo inasukumika; iwekwe ukutani, ifunikwe, na mashimo ya silinda yazibwe kwa vitambaa safi. Ukienda kuchukua hedi, Wafula, weka rula na fila geji mbele ya yule fundi, siyo ukifika hapa. Bolti zinafungwa kutoka katikati kwenda nje, kwa torki renchi, kwa hatua.
Ujumbe niliomtumia ni huu, ili mtu asimwambie kitu kingine akija:
"Mwalimu, habari ya asubuhi. Gari lako halitakuwa tayari leo. Kosa ni letu, tulikuahidi kabla gasketi haijanunuliwa. Inafika leo mchana, tunafunga jioni, kesho asubuhi tunaliwasha na kuliacha lichemke kidogo tuone kama linapoteza maji. Njoo kesho saa saba. Nikiona shida yoyote nitakupigia kabla ya saa nne, si wewe unipigie."
Amejibu "Sawa" peke yake. Hiyo si sawa.

5. Kanta ya viazi, Molo. INASUBIRI SPEA.
Klachi iliyoletwa haiingii. Meno ya katikati ya pleti hayashikani na shafti ya giaboksi. Imerudishwa dukani na pleti kuukuu kama sampuli. Mwenyewe aliambiwa Jumatatu na amekubali. Isiguswe. Giaboksi ikae juu ya mbao, siyo mchangani.

6. Prado, AC haipoi.
Mwenyewe amepiga simu mara tatu na kutaja watu wakubwa anaowajua. Nakuru si Mombasa, afungue dirisha. Jumatatu.

7. Noah. Imekwisha. Funguo ziko drooni kwangu mpaka salio liingie M-Pesa.

---

Nyongeza, saa tano na dakika 40.

Pikapu ya maziwa imekwama barabara ya Salgaa. Fenbelti imekatika, injini imechemka, ina madumu ya maziwa nyuma na jua limeshafika juu. Inaruka foleni, na sababu ni hizi: mzigo unaharibika kwa saa chache, kazi inafanyika kando ya barabara, na haichukui shimo. Ingekuwa ya kuvutwa hadi hapa ningewaambia waagize pikapu nyingine ihamishe madumu kwanza, gari lingoje zamu.

Kiprono aende na bodaboda, abebe belti tatu za saizi zinazokaribiana, spana 12 na 14, na maji lita 10. Asifungue kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa. Na asimwage maji baridi kwenye injini ya moto, tusije tukawa na hedi ya pili. Kabla ya kufunga belti, aizungushe pampu ya maji kwa mkono. Ikiwa na mchezo, belti mpya itafika Molo tu.

Kwa hiyo Vitz imesogea. Nimempigia Mama mimi mwenyewe: tatizo tumeliona, ni braashi za altaneta, atachukua kesho saa tatu. Amecheka, amesema afadhali umeniambia nikiwa bado sokoni.

Saa saba na robo. Haisi imetoka. Dakika 15 za kuchelewa, pedali ngumu, nimeiendesha hadi kwenye kona na kurudi. Shimo liko wazi. Msiingize Prado.

Saa kumi. Gasketi imefika, hedi imefika, Fielder imeoshwa. Wafula anaanza Probox sasa. Kamau amsaidie, Brayo apange bolti zote kwa mpangilio zilivyotoka. Tutabaki mpaka saa mbili usiku. Chapati ni juu yangu.

Kiprono amerudi na lita tano za maziwa alizopewa na mwenye pikapu. Ni za chai ya wote, Brayo, nimezipima.

Odhiambo