TAARIFA KWA UMMA: MAJI YATAKATIKA KIMARA HADI UBUNGO, SAA 20

KUANZIA: Jumatano, 9 Septemba 2026, saa 2:00 usiku
HADI: Alhamisi, 10 Septemba 2026, saa 10:00 jioni
SIMU (BURE): DAWASA, 0800110064

YATAKAPOKATIKA
Kimara Mwisho, Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, Golani, Makoka, Msewe, Ubungo, Riverside, Makuburi na Kibangu.

Kibamba, Mbezi Louis na Temboni maji yatatoka kama kawaida.

SABABU
Tunabadilisha valvu ya inchi 16 kwenye bomba linaloshuka kutoka matangi ya Kimara. Iliyopo haifungi tena hadi mwisho, kwa hiyo bomba la mtaa mmoja likipasuka tunalazimika kuzima njia nzima. Saa tano za mwanzo ni za kumwaga maji yaliyomo. Bomba lenye maji halikatwi wala halifungwi flanji.

KABLA YA SAA 2:00 USIKU
- Kinga maji mapema, tangu mchana. Jioni kila mtu akifungua, presha hushuka na wa mlimani hukosa kabisa. Kaya ya watu watano iwe na angalau ndoo tano za lita 20, zenye mifuniko. Ya kunywa yachemshwe.
- Zima pampu na hita ya maji. Pampu ikizunguka kavu huunguza sili; tangi la hita likiisha maji, koili huungua.
- Funga koki zote. Maji hurudi bila hodi, na koki iliyosahaulika wazi hujaza nyumba na bili.

MAJI YAKIRUDI
Yataanza mabondeni: Riverside, Makuburi na Kibangu. Golani, Makoka na Msewe wasubiri hadi saa 4:00 usiku Alhamisi, kwa kuwa bomba sharti lijae kwanza ndipo maji yapande. Koki itakohoa na kutema hewa. Ifungue kidogo tu, maana hewa inayopita kwa kasi huizungusha mita.

Maji ya mwanzo yanaweza kuwa ya kahawia kwa kutu na tope lililotikisika. Fungua koki iliyo karibu na mita kwa dakika tano hivi, uyakinge kwa ajili ya choo. Usifulie nguo nyeupe mpaka yatakate, wala usiyaingize kwenye simtanki.

ZAHANATI, SHULE ZA BWENI NA WENYE WAGONJWA WA NYUMBANI
Piga simu kabla ya saa 6:00 mchana, Jumanne 8 Septemba, mpangiwe boza. Taja mtaa, ukubwa wa tangi na kama gari kubwa linafika mlangoni.

PIGA 0800110064
iwapo hadi saa 4:00 usiku Alhamisi bado hupati maji, maji ya kahawia yamezidi saa moja, au umeona bomba linavuja. Uwe na namba ya akaunti. Ipo kwenye bili yako.

Kazi ikisogezwa kwa mvua au hitilafu ya umeme, tutatangaza upya kupitia serikali za mitaa.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

*Kitengo cha Mawasiliano, DAWASA*
*Ijumaa, 4 Septemba 2026*