Maelekezo ya Muziki: Filamu Fupi "Deni la Tanga", Mombasa

Kwa mtunzi wa muziki. Kutoka kwa mwongozaji na mhariri.

Ustadhi, salaam.

Picha imefungwa. Nakala utakayotungia ni ya 7, na ukiwa bado na ya 6 kwenye kompyuta yako ifute, maana onyesho la harusi limepungua sekunde 11 na kila kilicho baada yake kimesogea. Filamu ni fremu 25 kwa sekunde. Picha ya kwanza iko 01:00:00:00, na mlio mfupi wa kulinganisha uko 00:59:58:00. Mradi wako ukifunguka kwa fremu 24, kila kitu kitateleza polepole na utadhani kosa ni la wapigaji. Angalia hilo kwanza kabla ya noti moja.

Kisa unakijua: Nahodha Badi kafa katikati ya Kaskazi, kamwachia bintiye Mwanakombo mashua na deni. Kakaye Shee ataka mashua iuzwe, na dalali tayari amepatikana ng'ambo ya Likoni. Jambo moja tunalokuomba muziki ulishike tangu mwanzo hadi mwisho ni hili: wimbo wa Badi usisikike mzima mpaka binti ashike henza kwa mkono wake. Kabla ya hapo ni vipande tu. Ukiutoa mapema kwa kuwa ni mzuri, onyesho la kutweka tanga litabaki watu wanavuta kamba.

Makam ni Bayati juu ya Re. Maana yake Mi ni nusu bemoli, na hapo ndipo vyombo vinapochaguliwa: udi, kanuni, fidla mbili na selo vinaifikia bila shida. Akodiani haifiki, wala piano. Kwa hiyo akodiani tumeiweka kwenye kipande M2 tu, ambayo ni Hijazi juu ya Re, isiyo na robo toni. Michoro ya kinanda utakayotutumia ishushwe Mi kwa senti 50, tafadhali. Tukiizoea Mi bemoli ya kawaida kwa wiki mbili, udi wa kweli utakapokuja masikio yetu yatasema umekosea.

Muziki wote haufiki dakika 10 katika filamu ya dakika 24. Hatutaki zaidi.

M1. Bandari ya Kale, alfajiri
Unaingia 01:00:52:10, unatoka 01:02:20:00. Bayati, 60 kwa dakika, lakini udi uwe huru, usipige kwa mlio wa kuhesabu.

Adhana inaisha 01:00:46:00. Hakuna sauti yoyote ya muziki chini yake, hata selo ya mbali, na sekunde 6 za ukimya baada yake ni za makusudi. Heshima ni sababu ya kwanza. Ya pili ni ya kifundi: muadhini ana makam yake na Re yake, na haitakuwa Re yako. Noti nne tu: Re, Mi, Fa, Sol. Zipande, zisishuke kumalizia. Hali ya onyesho ni mtu aliyeamka akakumbuka, si msiba. Neno la kwanza la mazungumzo ni 01:02:21:12, basi mwangwi wa udi uwe umekwisha. Nai tumeifikiria tukaiacha: pepo za bandarini zimejaa kwenye rekodi, na pumzi ya nai ikichanganyika na upepo hubaki kelele tu.

M2. Feri ya Likoni
Unaingia 01:04:11:05, unatoka 01:05:58:00. Hijazi, 6/8, mapigo 100 kwa dakika, mawili kwa kila baa.

Hii ndiyo yenye hesabu. Kwa 100, kila pigo ni fremu 15 kamili, hivyo huhitaji kuvuta wala kusukuma tempo. Mlango wa chuma wa feri unagonga zege 01:05:23:05, sekunde 72 tangu kuingia, yaani mapigo 120. Kwa hiyo kishindo hicho kinaangukia pigo la kwanza la baa ya 61. Usiongeze ngoma juu yake. Chuma chenyewe ndicho ngoma, wewe acha nafasi: baa ya 60 iwe dumbaki pekee, na baa ya 61 dumbaki inyamaze pigo la kwanza.

Kabla ya kishindo, hali ni kubanwa. Watu wamesimama bega kwa bega, Mwanakombo kashika bahasha ya hati ya mashua kifuani. Dumbaki na rika kwa sauti ndogo, akodiani inavuta noti ndefu moja moja. Mdundo uwe na mwendo wa chakacha ila kiuno kimefungwa. Baada ya kishindo umati unamwagika kupanda Likoni, na muziki unafunguka kwa baa 29 zilizobaki: rika mbele, fidla zikijibizana, udi hautokei kabisa.

Tahadhari ya besi. Injini ya feri kwenye rekodi yetu inanguruma karibu na 97 Hz, chini kidogo ya Sol ambayo ni 98. Selo ikishika Sol hiyo utasikia mtikisiko mmoja kila sekunde, na mtazamaji atadhani spika imeharibika. Usiweke noti ndefu chini ya 150 Hz mpaka 01:05:23:05. Tangu hapo injini tumeishusha na besi ni yako.

S1. Redio ya dukani, karibu na Marikiti
01:06:30:00 hadi 01:08:05:00. Taarabu, 92 kwa dakika, Rasti.

Huu ni wimbo wa ndani ya onyesho, unatoka kwenye redio ya mkopeshaji. Hatununui wimbo wa zamani. Idhini ya utunzi ni moja, ya rekodi ni nyingine, na bajeti haibebi hata ya kwanza. Utunge mpya. Mwimbaji aimbe 01:06:41 hadi 01:06:56 tu, mkopeshaji anapohesabu noti kimya. Mazungumzo yakianza, zibaki ala, maana maneno mawili kwa pamoja mtu hasikii hata moja. Maneno tumeandika sisi, mizani nane kwa nane:

Ahadi haina shina, haipandwi ikaota,
Neno tupu ukinena, siku nazo zanipita.

Turekodie safi, stirio, bila kuibana isikike kama redio. Fundi wa mchanganyo ataibana mwenyewe kulingana na kamera ilipo. Ukiibana wewe, hawezi kuirudisha.

M3. Harusi, Kibokoni
01:10:58:00 hadi 01:11:36:00. Selo peke yake, Re moja.

Vugo lilipigwa na kina mama siku ya kupiga picha na litabaki hilohilo. Linaanza kwenye 112 na kufika 119 kabla halijaisha, kama inavyokuwa watu wakipata moto. Usijaribu kuliongezea ngoma za studio kwa tempo moja. Sekunde ya kumi tu pembe na ngoma zitakuwa zinafukuzana. Selo haina mdundo kwa sababu hiyo. Inaingia Mwanakombo anapomwona Shee kakaa na dalali, haina upinde wa kushtua, mtu aigundue ikiwa tayari ipo. Vugo tunalishusha sisi kuanzia 01:11:05:00.

Darini, ugomvi wa ndugu: hakuna muziki
01:13:20:00 hadi 01:15:48:00. Katika nakala ya 6 kulikuwa na muziki wa muda hapa. Ulikuwa unamwambia mtazamaji nani mwenye haki, na onyesho limeandikwa ili asijue. Tunakuachia popo, jenereta ya jirani, na sauti zao.

M4. Usiku, Mwanakombo peke yake
01:16:30:00 hadi 01:17:12:00. Kanuni, noti nne zile za M1, sasa zinashuka. Huru. Usizidishe.

M5. Kutweka tanga
Unaingia 01:19:02:00, unatoka 01:21:10:00. Bayati, 4/4, 75 kwa dakika, kila pigo fremu 20.

Kuingia ni pale vidole vinapofunga juu ya henza, si anapoitazama. Baa 8 za kwanza anavuta peke yake na foromali haiendi: selo na udi, kipande cha kwanza cha wimbo, kinakatika. Baa ya 9, 01:19:27:15, mabaharia watatu wanashika kamba nyuma yake na wito wao unaanza. Tumeuhariri wito huo ukae kwenye 75, mvuto mmoja kila mapigo mawili. Wewe fuata wito, usiuongoze. Ngoma yako ikigonga pamoja na mvuto itaonekana kama mazoezi ya viungo; iweke kati ya mvuto na mvuto, miguu inapojipanga upya. Zumari unaweza kuitumia hapa kwa sababu hakuna mazungumzo, lakini mbali na kipaza sauti, na isizidi baa 4.

Baa ya 24, kuanzia 01:20:15:15, muziki wote unakata. Sekunde 3 na kidogo. Tanga linajaa upepo 01:20:18:20, pigo la kwanza la baa ya 25, na mpasuko wa turubai usikike peke yake. Wimbo mzima wa Badi unaingia mapigo mawili baadaye, 01:20:20:10: udi, kanuni, kisha fidla. Tunajua kila mtunzi atataka kuingia pamoja na turubai. Tulijaribu kwa muziki wa muda, na turubai ikapotea.

M6. Majina
01:22:40:00 hadi 01:24:10:00. Wimbo wa Badi, 84, na dumbaki. Hapa furahi.

Kurekodi na kukabidhi
Michoro ya M2 na M5 tuipate Jumatatu 26 Januari 2026, mingine wiki inayofuata. Ramadhani inatarajiwa karibu na 18 Februari kulingana na mwezi, na wapigaji wengi wa Mji wa Kale hawashiki ala mwezi huo, basi kurekodi kuishe Jumamosi 14 Februari. Anza na fidla na udi. Rika na dumbaki zinaweza kuongezwa juu, kinyume chake ni taabu. Feni ya studio izimwe. Jasho ni bora kuliko mvumo kwenye kila noti ya kanuni, na nyuzi zitahama sauti kwa unyevu, basi tenga dakika 10 za kupanga sauti kila saa.

Faili za mwisho Jumatatu 2 Machi: WAV, 48 kHz, biti 24, kilele kisipite -6 dBFS, bila kibana sauti kwenye mchanganyo mkuu. Kila kipande kije na mchanganyo kamili na makundi manne tofauti: nyuzi za kudonoa, nyuzi za upinde pamoja na akodiani, ngoma, na sauti za watu pamoja na zumari. Yote yaanze fremu moja, hata kama kundi liko kimya dakika nzima. Majina yawe hivi:

```
DT_M2_v03_NGOMA.wav
DT_M2_v03_MIX.wav
```

Marekebisho ni mawili kwa kila kipande. Picha ikibadilika kwa sababu yetu, haihesabiwi kwako. Orodha ya vipande yenye urefu na majina ya watunzi tutaijaza pamoja siku ya kukabidhi, ili uisajili kwenye chama cha haki za watunzi kabla filamu haijaonyeshwa popote. Wimbo wa S1 uandikwe nusu yako, nusu yetu.